Pesa iliyoingia hailingani na mauzo: namna ya kuitafuta tofauti kwenye soko la mtandaoni

Dada mmoja ninayemwekea hesabu huuza hotpoti, sufuria na chupa za chai kwenye soko la mtandaoni hapa Nairobi. Mzigo anautoa Kamukunji kwa bei ya jumla. Juni iliyopita alinijia na kidaftari chake cha mraba, kurasa zimejaa namba za oda, zilizofutwa zimekatwa kwa wino mwekundu. Akaweka simu mezani, ujumbe wa benki uko wazi: KSh 36,042.

"Kaka, wiki hii nimeuza elfu sitini na moja na mia tisa. Kamisheni yao ni asilimia kumi na mbili. Hizi nyingine zimekwenda wapi?"

Hesabu yake ya kichwani ilikuwa sahihi. Asilimia 12 ya 61,900 ni 7,428, ukitoa inabaki 54,472. Pengo lake ni KSh 18,430, na kwa biashara ya ukubwa huo, pengo hilo ni kodi ya chumba cha stoo. Nitaifuata wiki hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho, maana karibu kila tatizo la malipo ya masoko haya lilikuwa ndani yake. Zile dalili ambazo hazikuwemo nitazigusa njiani.

Kabla ya yote, ingia kwenye akaunti yako ya muuzaji upakue stetimenti ya wiki kama faili la CSV, yenye mstari mmoja kwa kila muamala. Ile PDF yenye muhtasari haitakusaidia. Inakuambia "ada" jumla yake kiasi fulani, na wewe unataka kujua ada ya oda ipi.

Dalili: jumla ya daftari ni kubwa kuliko mauzo yaliyo kwenye stetimenti

Anzia hapa, hata kama kinachokuuma ni makato. Daftari lilisema 61,900, stetimenti ikasema mauzo ni 51,250. Bado hatujafika kwenye kamisheni na tayari kuna tofauti ya 10,650.

Sababu ni tarehe. Oda moja ina tarehe tatu: siku mteja alipobofya, siku mzigo ulipomfikia, na siku soko lilipoiingiza kwenye stetimenti. Muuzaji huandika ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayolia kwenye simu. Soko hili, kama mengi ambayo mteja anaweza kulipa mzigo ukifika mlangoni, huhesabu mauzo siku mzigo ulipopokelewa. Kwa hiyo wiki ya daftari na wiki ya stetimenti ni vitu viwili, hata kama zote zimeandikwa tarehe 2 hadi 8 Juni.

Tulikaa na kalamu tukapitia oda moja moja. Alikuwa na oda 24. Tatu zilifutwa kabla hazijatoka stoo, thamani yake 7,200. Alikuwa amezikata kwa wino mwekundu, lakini jumla ya kila siku alishaiandika jioni kabla hazijafutwa, na hakuirudia. Tano, zenye thamani ya 12,450, zilikuwa bado njiani Jumapili usiku. Zikabaki oda 16 za KSh 42,250. Halafu kulikuwa na nne za wiki iliyotangulia, KSh 9,000, ambazo zilimfikia mteja wiki hii. Jumlisha: 42,250 na 9,000 ni 51,250, oda 20. Stetimenti ilikuwa sahihi, na daftari nalo halikuwa na uongo.

Ukitaka kujua kama tofauti yako ni ya tarehe au ni ya kitu kingine, angalia zile oda zilizokosekana. Za tarehe huwa ziko pembeni mwa wiki, yaani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na stetimenti inayofuata huzionyesha. Oda ya Jumatatu ambayo haijaonekana baada ya stetimenti mbili haina uhusiano na tarehe. Hiyo ama imepotea kwa msafirishaji, ama mteja aliikataa mlangoni, na unatakiwa uulize mzigo wako uko wapi. Usiulize pesa kwanza, uliza mzigo.

Kwa wanaouza kwenye masoko ya nje kuna kingine kidogo: baadhi ya ripoti hutumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Oda ya Jumatatu saa saba na nusu usiku hapa kwetu, huko bado ni Jumapili. Ikiwa kila wiki unakosa oda moja au mbili za usiku wa manane, hiyo ndiyo sababu.

Dalili: mauzo yamekubaliana, lakini makato ni makubwa kuliko kamisheni

Sasa tuko kwenye 51,250. Kamisheni ya asilimia 12 ni 6,150, kwa hiyo dada alitarajia 45,100. Stetimenti ilikuwa na makato ya jumla ya 15,208, na hapo ndipo macho yalimtoka.

Kitu cha kwanza ambacho karibu kila muuzaji mpya hukisahau: kamisheni ni huduma unayouziwa, na huduma hutozwa VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16. Haitozwi juu ya bei ya hotpoti, inatozwa juu ya kamisheni. Kwa hiyo 6,150 inakuwa 7,134. Ukitaka njia ya mkato, asilimia 12 pamoja na VAT yake ni asilimia 13.92 ya bei. Namba hiyo iandike ukutani, ndiyo kamisheni yako halisi kama hujasajiliwa kwa VAT. Aliyesajiliwa anaweza kuidai kama kodi ya manunuzi, mradi awe na ankara halali ya eTIMS kutoka kwa soko. Stetimenti peke yake haitoshi.

Kisha mchango wa usafiri, shilingi 50 kwa kila oda iliyofika: oda 20 ni 1,000, na VAT yake 160. Matangazo ya ndani ya soko, yale ya kuifanya hotpoti yako ionekane juu ya za wenzako, 1,500 na VAT 240. Dada alikuwa amebofya "kubali" mwezi Aprili, akidhani ni ofa ya bure ya wiki moja. Ofa iliisha, tangazo likaendelea. Ada ya matangazo mara nyingi haina namba ya oda, na ndiyo maana mtu anayelinganisha oda kwa oda haioni. Chuja mistari yote ambayo sehemu ya namba ya oda iko tupu, uisome moja moja. Hapo hujificha matangazo, ada za stoo, faini za kuchelewa kutuma, na marekebisho ya wiki za nyuma.

Ukiona kamisheni yenyewe inazidi asilimia uliyokubali, usitazame jumla. Tafuta asilimia ya kila oda. Kwenye kompyuta weka karatasi mbili: `Daftari`, yenye namba ya oda safu A na bei safu B, na `Stetimenti`, yenye namba ya oda safu A, aina ya muamala safu B na kiasi safu C. Halafu, kwenye `Daftari`:

```
=-SUMIFS(Stetimenti!C:C, Stetimenti!A:A, A2, Stetimenti!B:B, "Commission")/B2
```

Alama ya kutoa iko mbele kwa sababu stetimenti huandika makato kama namba hasi. Neno lililo kwenye alama za nukuu liandike kama lilivyo kwenye faili lako, herufi kwa herufi. Kama VAT imetajwa kwenye mstari wake, safu yote inatakiwa isome 0.12. Kama imechanganywa ndani ya kamisheni, itasoma 0.1392.

Namba isiyo 0.12 inakupa fununu. Ikisoma 0.15 au 0.2 kwa bidhaa ileile kila mara, bidhaa imewekwa kundi lisilo lake. Chupa ya chai ikiwekwa kwenye vifaa vya umeme inatozwa kama kifaa cha umeme. Lakini ukiona 0.1333 kwa oda chache tu, tazama kama ulikuwa na punguzo siku hizo. Hotpoti ya 2,500 uliyoipunguza kwa asilimia 10 inauzwa 2,250. Soko likitoza kamisheni juu ya 2,500 ni 300, na 300 kwa 2,250 ni asilimia 13.33. Hilo huenda lisiwe kosa. Soma mkataba wako kama kamisheni inahesabiwa kabla au baada ya punguzo unalolitoa mwenyewe. Vocha inayotolewa na soko ni jambo jingine: mteja analipa 2,250, lakini soko linatakiwa kukujazia ile 250, na mauzo yako yabaki 2,500. Vocha ya soko ikikatwa kwako, hapo una haki ya kudai.

Dalili: fomula inaleta sifuri, au oda mbili zinaleta jumla moja

Hili ni tatizo la kompyuta, lakini limewafanya watu wadai pesa ambazo walikwishalipwa, kwa hiyo linastahili nafasi yake.

Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Namba ya oda yenye tarakimu 16 au zaidi ukiifungua kwa kubofya faili la CSV mara mbili, tarakimu za mwisho zinageuka sifuri. Oda kumi tofauti zinakuwa oda moja. Utaitambua kwa macho: safu nzima ya namba zinazoishia na 0, au kitu kama `4.20118E+15`. Zikishapotea na ukahifadhi faili, hazirudi. Pakua upya. Safari hii fungua kitabu kitupu, nenda `Data`, kisha `From Text/CSV`, na safu ya namba ya oda uipe aina ya `Text` kabla hujaileta.

Sasa inakuja ile ambayo ilinila siku nzima mara ya kwanza. Hata ukishaileta kama maandishi, `SUMIFS` ikiona maandishi yanayofanana na namba huyageuza kuwa namba wakati wa kulinganisha, na tarakimu za baada ya 15 zinapotea humo ndani bila wewe kuona lolote. Unaona namba mbili tofauti kwenye karatasi, na fomula inazijumlisha pamoja. Dawa ni kubandika herufi mbele, pande zote mbili, ili ziache kufanana na namba. Andika hii kwenye safu tupu ya D ya kila karatasi, kisha kwenye `SUMIFS` weka `Stetimenti!D:D` mahali pa `Stetimenti!A:A`, na `D2` mahali pa `A2`:

```
="K"&TRIM(A2)
```

`TRIM` iko hapo kuondoa nafasi tupu mwanzoni au mwishoni, ambayo ndiyo sababu ya kawaida ya fomula kuleta sifuri wakati oda unaiona kwa macho yako. Kama kiasi cha pesa kimeegemea kushoto ndani ya kisanduku, kimehifadhiwa kama maandishi, na jumla itakiruka. Na kama tarehe 2 Juni imegeuka 6 Februari, kompyuta yako inasoma tarehe kwa mtindo wa Marekani. Hilo huonekana haraka: siku za 1 hadi 12 zinakuwa zimepinduka, na za 13 kuendelea zimekataa kuwa tarehe.

Dalili: baada ya kila kitu, bado kuna upungufu mdogo usiojulikana

Turudi kwa dada. Kwenye stetimenti kulikuwa na marejesho mawili, yote ya oda za Mei: seti ya hotpoti ya 3,750 na chupa ya chai ya 1,250. Jumla 5,000. Pamoja nayo, ada ya kushughulikia mzigo uliorudi, 150 kwa kila mmoja, 300 na VAT 48.

Marejesho ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu yanaingia wiki ambayo hayahusiani nayo. Mauzo ya Mei yalishalipwa Mei, daftari la Mei limefungwa, na mtu anayetazama Juni peke yake anaona 5,000 zimetoka bila oda. Ndiyo maana namba ya oda ni muhimu kuliko tarehe. Itafute kwenye faili la mwezi uliopita, itakuwepo.

Halafu lipo swali ambalo wengi hawaulizi: pesa ya mteja imerudishwa, je, kamisheni nayo imerudi kwangu? Uliuza kwa 3,750, ukakatwa kamisheni 450 na VAT 72. Mauzo yakibatilishwa, hizo 522 nazo zinatakiwa kubatilishwa, kama mkataba unasema hivyo. Na mikataba hutofautiana. Amazon ya Marekani, kwa mfano, humrudishia muuzaji kamisheni lakini hubaki na ada ya usimamizi wa marejesho: dola 5 au asilimia 20 ya kamisheni hiyo, chochote kilicho kidogo. Soko la huyu dada hurudisha kamisheni yote mteja akibadili nia tu, lakini hubaki nayo kama kosa ni la muuzaji, mathalani ametuma rangi siyo.

Nilipanga hesabu kama inavyotakiwa kuwa. Mauzo 51,250. Toa kamisheni na VAT 7,134, toa usafiri 1,160, toa marejesho 5,000, ongeza kamisheni ya oda mbili zilizorudi 696, toa ada ya mizigo iliyorudi 348, toa matangazo 1,740. Inabaki 36,564. Benki ilisema 36,042. Zimepungua 522.

Upungufu mdogo kama huu una njia yake ya kuufungua, na mimi huijaribu kabla ya kupekua mistari. Gawanya kwa 1.16 kuondoa VAT. Ukipata namba isiyo na vijisenti, ada fulani inahusika. 522 kwa 1.16 ni 450. Kisha gawanya kwa asilimia ya kamisheni: 450 kwa 0.12 ni 3,750. Na 3,750 ni bei ya seti ya hotpoti iliyorudi. Tulifungua stetimenti: mstari wa kurudisha kamisheni ya chupa ya chai ulikuwepo, 174 kamili, wa hotpoti haukuwepo.

Njia hii ina mipaka yake. Inafanya kazi kosa likiwa moja. Makosa mawili yakichanganyika, namba inayotoka haina maana, na hapo huna budi kulinganisha oda kwa oda. Kuna hata wiki ambazo jumla inakubaliana kabisa na bado kuna makosa, moja limekuzidishia na jingine limekupunguzia. Wiki ya namna hiyo ni nadra, lakini ndiyo ninayoiogopa, kwa kuwa hakuna dalili. Kwa sababu hiyo safu ya asilimia ya kila oda naiangalia hata benki na stetimenti zikikubaliana.

Kwa nini hotpoti haikurudishiwa kamisheni? Kwenye orodha ya mizigo iliyorudi, sababu iliandikwa kuwa bidhaa hailingani na maelezo. Yaani kosa la muuzaji. Lakini dada alikuwa na ujumbe wa mteja kwenye mazungumzo ya oda hiyo: amepata zawadi ya hotpoti nyingine, haihitaji tena. Mtu wa ghala alibofya sababu isiyo yake. Dai tulilituma na vitu vitatu tu: namba ya oda, picha ya ujumbe huo, na mstari mmoja wa hesabu, 3,750 × 12% × 1.16 = 522. Mimi nimeona madai marefu yenye hasira yakikaa wiki tatu bila jibu. La mstari mmoja mtu wa huduma kwa wauzaji analielewa kabla hajamaliza chai yake. Angalia pia muda wa mwisho wa kudai kwenye mkataba wako, masoko huweka siku maalumu, na zikipita dai halipokelewi hata likiwa la kweli.

Dalili: hakuna pesa iliyoingia kabisa

Tazama salio la mwanzo kwenye stetimenti. Wiki ya mauzo kidogo na marejesho mengi inaweza kufungwa kwa namba hasi, na soko halikudai ulipe taslimu, linabeba deni hadi wiki inayofuata. Salio la mwisho la wiki iliyopita lazima liwe sawa na salio la mwanzo la wiki hii, shilingi kwa shilingi. Lisipokuwa sawa, kuna stetimenti hujaipakua.

Ikiwa salio ni chanya na pesa haijaja, mara nyingi imezuiwa: akaunti mpya, au umebadilisha namba ya benki na bado inahakikiwa. Pesa hiyo bado ni yako na ni mauzo yako. Usiifute vitabuni kwa sababu tu haijafika.

Dalili: vitabu vinaonyesha biashara ndogo kuliko ilivyo

Hii haionekani kwenye stetimenti. Inaonekana siku ya kodi. Wauzaji wengi, na wahasibu wengine pia, huandika pesa iliyoingia benki kama mauzo ya wiki. 36,042 imeingia, mauzo 36,042, kazi imekwisha.

Dada yuko kwenye kodi ya TOT, ile ya biashara zenye mauzo ya zaidi ya KSh milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Ni asilimia 3 ya mauzo ghafi, na hairuhusu kupunguza gharama. Kamisheni ni gharama. Matangazo ni gharama. Asilimia 3 ya 36,042 ni kama 1,081, na ya 51,250 ni 1,537.50. Akiandika pesa ya benki kila wiki, anatangaza kodi pungufu bila kukusudia, na soko lina rekodi zake za mauzo yake yote. Ubaya mwingine uko kwenye mpaka wa kusajiliwa kwa VAT, ambao ni mauzo ya KSh milioni 5 kwa mwaka. Mtu anayepokea milioni 4 benki anaweza kuwa ameuza milioni 5 na nusu, na hajui kuwa ameshavuka.

Dawa ni akaunti moja ya kati kwenye vitabu. Mimi naiita akaunti ya mpito, wewe iite jina la soko lako. Ichukulie kama droo iliyo kati ya duka na benki. Mauzo yote, 51,250, yanaingia kwenye droo kwa ukamilifu wake. Kila kato linatoka kwenye droo kwenda mahali pake: kamisheni kwenye gharama ya kamisheni, matangazo kwenye matangazo, marejesho yakipunguza mauzo kwa mstari wake peke yake. Pesa iliyofika benki nayo inatoka kwenye droo. Kinachobaki humo ni kile ambacho soko bado linakudai au wewe unalidai.

Kati ya Jumapili stetimenti inapofungwa na siku benki inapopokea, droo itakuwa na pesa, na ni sawa. Mwisho wa mwezi hasa usiilazimishe iwe sifuri. Stetimenti ya 26 Mei hadi 1 Juni inakata miezi miwili, na mauzo ya Jumapili tarehe 1 ni ya Juni hata kama yamelipwa pamoja na ya Mei. Yagawe kwa tarehe ya kufika mzigo, mstari kwa mstari. Salio la droo ambalo linapanda au kushuka kidogo kila wiki bila kurudi ndilo la kushuku: likipanda, kuna ada huiandiki; likishuka, kuna marejesho yanayoandikwa mara mbili, mara ya kwanza dukani mzigo unapopokelewa na mara ya pili kutoka kwenye stetimenti.

Kwa wiki ya 2 hadi 8 Juni, niliandika ile kamisheni ya hotpoti kama inayodaiwa. Droo ilibaki na 522 juu, na pembeni nikaandika namba ya oda na tarehe ya dai. Stetimenti mbili baadaye ulikuja mstari usio na namba ya oda, umeandikwa marekebisho, 522. Dada hakuuona, maana alikuwa anatazama jumla. Tulipouingiza, droo ikasoma sifuri, na siku hiyohiyo akaingia kwenye akaunti yake akazima tangazo la Aprili.